Saksafoni Inapolia "Kwiii": Tuanzie Wapi?

Mwezi huu ukurasa wa muziki tunauweka kwa ajili ya familia ambazo mtoto ameanza kujifunza saksafoni, na majirani wameanza kulalamika. Ile sauti ya "kwiii" inayotoka ghafla katikati ya noti mnaijua. Wengine wanasema chombo kimekufa, wapelekewe fundi mjini Kigali. Tunaomba msikimbilie fundi. Mara nyingi tatizo liko kwenye sentimita chache za mbele, pale mdomo unaposhika, na kupatengeneza pale hakuhitaji pesa.

Wazazi waliotoka Bukavu, Goma au Uvira hawahitaji kuelezwa saksafoni ni nini. Wamekua wakimsikia Verckys, aliyeipiga katika OK Jazz ya Franco miaka ya 1960. Chombo chenyewe kilibuniwa na Mbelgiji, Adolphe Sax, aliyekipatia hati ya ubunifu mwaka 1846. Kimetengenezwa kwa shaba, lakini sauti haianzii kwenye shaba. Inaanzia kwenye anshi, kile kipande chembamba cha tete kinachofungwa chini ya kipulizio. Tukipuliza, anshi inatikisika, inafungua na kufunga mlango wa hewa mara mamia kwa sekunde. Ikitikisika yote kwa pamoja, noti inatoka nzuri. Kama upande mmoja umebanwa, umeinuka au umevunjika, ncha inatikisika ovyo na sauti inaruka juu ghafla. Hiyo ndiyo "kwiii".

Tuchukue mfano wa kijana mmoja wa miaka 13, anayetumia saksafoni alto pamoja na wenzake watatu. Wiki mbili mfululizo kila noti ilikuwa inalia. Baba yake alikuwa ameshaanza kutafuta pesa za fundi. Jambo la kwanza tulimwambia atoe kipulizio kwenye shingo ya saksafoni, apulize hicho peke yake. Nacho kikalia vilevile. Basi hapo tukajua: angalau sehemu ya tatizo iko mbele, kwenye anshi au kwenye mdomo. Kama kipulizio peke yake kingetoa sauti moja iliyotulia, tungeanza kukagua mwili wa chombo. Jaribio hili la dakika moja linaokoa safari nyingi.

Kisha tukaiangalia anshi. Ilikuwa imesogea kulia kiasi cha milimita moja, na ncha yake ilikuwa imetokeza kuliko ncha ya kipulizio. Jamani, milimita moja ni nyingi hapa! Anshi inatakiwa ikae katikati kabisa, kingo zake mbili zilingane na reli mbili za kipulizio. Ukiibonyeza ncha taratibu kwa kidole gumba, ilingane na ncha ya kipulizio. Ukiitazama kwa mbele bila kuibonyeza, uone mstari mweusi mwembamba kama unywele juu yake, si zaidi. Baada ya hapo ndipo unavisha kibano, kikae kwenye sehemu nene ya anshi, na unakaza skrubu mpaka anshi isiteleze. Ukikaza kwa nguvu zote unainyonga. Na ni vizuri zaidi kuvisha kibano kwanza kikiwa kimelegea, halafu kuiteremsha anshi ndani yake kutoka juu, kwa sababu kibano kinachopitishwa juu ya anshi ndicho kinachokwangua ncha.

Anshi ya kijana huyu ilikuwa pia na mawimbi kwenye ncha, kama karatasi iliyolowa ikakauka. Hili tunaliona sana kuanzia Juni hadi Agosti, maana kiangazi cha Kigali kinakausha kila kitu, na watoto wanaiacha anshi imefungwa kwenye kipulizio usiku kucha. Tuliiweka kwenye maji safi dakika chache, tukailaza juu ya kipande cha kioo, upande bapa chini, tukaibonyeza polepole mpaka ikanyooka. Kumbukeni kwamba anshi kavu italia hata ikiwekwa vizuri namna gani. Kabla ya kupiga, ilowe mdomoni dakika moja au mbili. Ila kama ncha imemeguka, hata kidogo tu, hakuna dawa. Hiyo itupwe.

Kujua kama anshi imekaa sawa kuna jaribio rahisi. Ikiwa imelowa na imefungwa, ziba tundu la nyuma la kipulizio kwa kiganja, nyonya hewa kwa mbele mpaka anshi ifunge, kisha toa mdomo. Anshi nzuri itabaki imefunga kwa sekunde moja au mbili, halafu itaachia kwa mlio wa "po!" Ikiachia papo hapo bila mlio, ujue hewa inapita pembeni, yaani haijakaa katikati au haijanyooka. Ya kijana wetu safari hii ilitoa "po!" safi kabisa.

Lakini alipopiga, bado ikalia mara mojamoja. Hapo ndipo mdomo. Meno ya juu yanakaa juu ya kipulizio, mdomo wa chini unalala juu ya meno ya chini kama mto, na pembe za mdomo zinashika pande zote. Ni kushika, si kuuma. Anayeuma anafunga mlango wa hewa. Sauti inakuwa nyembamba, mara inaruka. Anayeingiza kipulizio kingi mno anapata sauti kubwa isiyoshikika, nayo inalia vibaya zaidi. Kipimo ni hiki: ingiza karatasi nyembamba kati ya anshi na kipulizio, isukume polepole bila kulazimisha. Inapokwama, weka alama ya penseli kwenye anshi. Mdomo wa chini ukae kwenye alama hiyo. Kwa alto huwa ni kama sentimita moja hivi kutoka kwenye ncha. Kijana wetu alikuwa amepita alama hiyo kwa mbali, akarudisha, ikanyamaza.

Wenye kinanda wanaweza kupima hata kuuma. Kipulizio cha alto peke yake kinatakiwa kitoe karibu La, ile ya pili juu ya Do ya katikati. Kikipanda juu sana ya hapo, mtoto anauma.

Je, kama kipulizio kimetulia, na "kwiii" inakuja tu unapotoka Sol kwenda La ukiwa na kibonyezo cha oktava? Angalia pete ya chuma iliyo kwenye shingo. Watoto wengi huishika hiyo wanaposukuma shingo, ikapinda. Shika vidole vya Sol, bonyeza oktava: kile kifuniko kidogo cha juu ya shingo kinatakiwa kibaki kimefungwa. Kikifunguka, pete imepinda, na hapo ndipo fundi anahitajika. Angalieni pia kiganja cha kushoto kisiguse vibonyezo vya pembeni bila kukusudia.

Kwa wanaoshirikiana chombo kimoja, kila mtoto awe na anshi yake, namba 2 au 2 na nusu kwa anayeanza, iliyoandikwa jina lake kwenye kifuko chake. Kipulizio kioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kabla ya kumpa mwingine. Maji ya moto hapana, yanaharibu ile ebonaiti nyeusi.