Kivuli cha Juni hakionekani Desemba

Fundi sola akipanda paa lako mwezi wa Desemba, akatazama huku na huku saa nane mchana na kukuambia paneli zikae pale penye jua, atakuwa amesema kweli ya siku ile tu. Miezi sita baadaye bati lilelile linaweza kuwa ndani ya kivuli alasiri nzima.

Wakazi wa Dar es Salaam wana sababu ya pekee ya kulijua hili. Jiji liko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua halikai upande mmoja wa anga mwaka mzima. Kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi karibu tarehe 10 Oktoba, mchana wa jua hupita upande wa kaskazini. Miezi iliyobaki hupita kusini. Tarehe 21 Juni, likiwa juu kabisa, huwa nyuzi 60 tu kutoka upeo wa macho, upande wa kaskazini. Tarehe 21 Desemba hufika nyuzi 73, upande wa kusini. Ushauri ulioandikwa kwa ajili ya Ulaya, kwamba elekeza paneli kusini na uogope kilichoko kusini, hapa haufai. Hapa kila upande una zamu yake.

Chati ya njia ya jua huziweka zamu hizo zote kwenye karatasi moja. Kuna za mstatili na kuna za duara, na kwa nchi zilizo karibu na ikweta napendelea ya duara, kwa sababu jua linapopita karibu na utosi mistari ya chati ya mstatili huruka ghafla kutoka upande hadi upande. Ile ya duara isome kama sinia lililotazamwa kutoka juu: ukingo ni upeo wa macho, katikati ni utosini, na pande zote za dira zimeandikwa kuzunguka ukingo. Ndani yake kuna mistari iliyopinda, mmoja kwa kila mwezi, ikikatwa na mistari ya saa. Chuo Kikuu cha Oregon kina programu mtandaoni inayokuchorea chati hiyo bure ukishaingiza latitudo na longitudo ya mahali.

Saa zake zinahitaji uangalifu. Chati nyingi hutumia saa za jua, ambamo saa sita kamili ni pale jua linapokuwa juu kabisa. Saa ya ukutani Dar es Salaam huwa imeshapita hapo: jua hufika kileleni kati ya saa sita na dakika 6, mwanzoni mwa Novemba, na saa sita na dakika 37, katikati ya Februari. Mwezi wa Juni ni saa sita na dakika 25.

Upimaji wenyewe hauhitaji mtambo. Unahitaji dira, kipimapembe cha shuleni chenye uzi na kijiwe kinachoning'inia kupima kimo, na ngazi imara. Jicho lako liwe pale paneli itakapolala, si chini uani. Zunguka kidogo kidogo, nyuzi 15 kwa hatua, na kila mara andika mambo mawili: unaelekea nyuzi ngapi za dira, na kilele cha kinachokuzuia kiko nyuzi ngapi juu. Kisha weka nukta hizo kwenye chati, ziunganishe, na upake penseli eneo lote kutoka kwenye mstari huo hadi ukingoni. Mwezi na saa ambazo mistari yake imeingia kwenye penseli ndizo za kivuli.

Dira ndiyo inayoharibu kazi za wengi. Bati ni chuma, na chuma huivuta sindano. Pima uelekeo ukiwa chini, mbali na paa, nondo na gari, ukichagua alama ya mbali kama mnara wa simu. Ukiwa juu, hesabu pembe kuanzia alama hiyo. Au tumia jua lenyewe: ning'iniza timazi wakati jua liko kileleni, na kivuli cha uzi kitalala sawasawa kaskazini na kusini.

Tuseme nyumba iko Tabata. Kusini, mita 5 kutoka paneli zinapotakiwa kukaa, jirani ana ghorofa inayozidi paa letu kwa mita 4. Kaskazini-magharibi kuna mwembe ulio umbali wa mita 8, na kilele chake kiko mita 6 juu ya bati. Mwenye nyumba anailalamikia ghorofa. Mwembe haumsumbui, maana Desemba hii haujamtupia kivuli hata siku moja.

Vipimo vinaonyesha ghorofa inafika nyuzi 39, ikienea kati ya nyuzi 150 na 210 za dira. Mwembe unafika nyuzi 37, kati ya nyuzi 290 na 325. Kwa kimo vinakaribiana sana. Lakini kwenye chati, penseli ya ghorofa haigusi mstari wowote: jua la Desemba likifika upande ule lishavuka nyuzi 70. Mwembe nao unaikata njia ya Juni palepale inapopita saa tisa za jua, yaani saa tisa na dakika 25 ya ukutani, jua likiwa kwenye nyuzi 306 za dira na kimo cha nyuzi 37. Kuanzia hapo hadi machweo, paneli ziko kivulini. Hali hiyo huanza mwishoni mwa Aprili na kwisha baada ya katikati ya Agosti, na sehemu kubwa ya miezi hiyo ni kiangazi cha baada ya masika, wakati anga ni safi na umeme ungevunwa vizuri.

Kivuli cha tawi moja si hasara ndogo kama kinavyoonekana. Seli za paneli zimeunganishwa kwa mfululizo, na seli iliyofunikwa huzuia mkondo wa wenzake. Paneli nyingi zimegawanywa mafungu matatu yenye diodi za kuupitisha mkondo pembeni, kwa hiyo jani lililofunika seli moja linaweza kuondoa theluthi ya umeme wa paneli nzima.

Ndiyo maana kipimo kimoja hakitoshi. Rudia kwenye pembe zote nne za eneo unalolitaka, na ulihesabu kuwa huru pale tu ambapo pembe zote ziko wazi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri za jua, kila mwezi. Huko Tabata, kusogea mita 4 mbali na mwembe kunaushusha hadi nyuzi 27, na kivuli cha Juni kinachelewa mpaka saa kumi na robo. Kupogoa mita 2 za kilele bila kusogeza chochote kunaleta pembe ileile, ila mwembe utachipua tena, na jirani ataombwa upya kila baada ya miaka michache. Ningesogeza paneli.

Ramani za kompyuta hazikupunguzii kazi hii. PVGIS, chombo cha bure cha Tume ya Ulaya, kinahesabu vivuli vya milima na vilima kwa data yake chenyewe, lakini hakiujui mwembe wa jirani. Unaweza kukipa upeo ulioupima wewe, na hapo ndipo kinapokuwa na manufaa.

Halafu tazama nondo. Nguzo za ghorofa ya jirani zimeachwa na nondo zilizochomoza juu, ishara kwamba anakusudia kuendelea. Ongeza mita 3 kwenye hesabu na uchore ghorofa ambayo bado haijajengwa: nyuzi 54. Ongeza nyingine: nyuzi 63. Zote mbili bado ziko chini ya njia ya Desemba, kwa hiyo jirani na aendelee kujenga.