Mwombe Muuzaji Arekodi Tangu Swichi Imezimwa

Muuza gari la mtumba akikutumia video ya dashibodi, mara nyingi injini huwa tayari inanguruma na hakuna taa hata moja inayowaka. Inapendeza, lakini sehemu muhimu imeachwa. Mwombe arekodi upya, aanze swichi ikiwa imezimwa.

Chukua video fupi ya Toyota ya petroli. Swichi ikifika ON, kabla ya kupiga stata, taa zinajaa: kopo la oili na betri kwa rangi nyekundu, duara lenye alama ya mshangao, umbo la injini la njano. Hapo hakuna ubaya. Gari linajikagua, na kwa kuwa injini haijazunguka, presha ya oili haijapanda wala altaneta haijaanza kuchaji. Taa ya kukutia shaka ni ile isiyotokea. Umbo la injini likikosekana wakati huu, huenda balbu imeungua, au mtu ameikata ili kuficha ubovu.

Sasa injini inawaka, na ndani ya sekunde chache taa nyingi zinazimika. Katika video yetu zimebaki mbili. Duara lenye mshangao ni la breki: kwanza mwambie ashushe hendibreki. Isipozimika, huenda maji ya breki yamepungua, ama kwa sababu pedi zimelika au kuna mahali panavuja.

Ya pili ni betri, na hii huwapoteza wengi wakakimbilia kununua betri mpya. Taa hiyo inasema gari halichaji. Altaneta imekufa, waya umelegea, au mkanda umekatika, na gari linatumia akiba iliyomo kwenye betri hadi litakapozima. Katika magari mengi mkanda huohuo huzungusha pampu ya maji, kwa hiyo ukikatika injini huchemka haraka. Ikikuwakia barabarani, simama ufungue boneti uutazame.

Kopo la oili lingebaki linawaka, injini ingepaswa kuzimwa papo hapo. Taa hiyo hupima presha, si kiasi cha oili, hivyo kijiti kinaweza kuonyesha oili imejaa na bado injini ikasagika.

Umbo la injini likitulia bila kuzimika, gari linahitaji kupimwa kwa mashine ya fundi. Likiwaka na kuzima, injini inamisi vibaya: petroli isiyoungua inaingia kwenye ekzosi na kuunguza kichujio cha moshi, kifaa cha bei kubwa. Lakini kamera hudanganya hapa. Taa za LED zinaweza kuonekana zinapepesa kwenye video ilhali kwa macho zimetulia. Tazama tarakimu za kilomita na taa nyingine: zikipepesa zote pamoja, huenda ni kamera. Ikipepesa ya injini peke yake, kwa mapigo yanayolingana, ubovu ni wa gari.