Kisanduku cha maswali katika stori za mkulima wa nyanya

Kisanduku cha maswali ni kibandiko kinachowekwa juu ya picha au video ya stori ya Instagram. Mfuasi hukigusa na kuandika swali, nalo humfikia mwenye akaunti peke yake. Kilianza mwaka 2018, na kwenye orodha ya vibandiko kinaitwa "Questions". Kikiachwa kilivyo hubeba maneno "Ask me a question". Ni heri mkulima ayafute aandike yake, maana mwaliko usio na mipaka huleta salamu, utani, na "bei gani?" isiyotaja bei ya nini.

Mkulima wa nyanya wa Ilula, mkoani Iringa, anayetaka maswali ya magonjwa anaweza kuandika: "Nyanya zako zina shida gani? Taja umri wa mche, na madoa yalianzia majani ya juu au ya chini." Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo yenye kazi. Madoa ya kahawia yenye miduara ndani yake, yaliyoanzia majani ya chini, huashiria bakajani. Mabaka meupe kama karatasi ni dalili ya kantangaze: jani likielekezwa kwenye jua, kiwavi huonekana katikati ya ngozi mbili za jani. Dawa ya ukungu haimuui kiwavi huyo, kwa hiyo aliyeandika "majani yanakauka" tu aombwe picha kwanza, asitajiwe dawa.

Upande wa bei, mwaliko unaofaa hutaja kipimo na mahali: "Unanunua kwa tenga, ndoo au kilo? Unapeleka soko gani?" Matenga hayalingani, hivyo jibu la "tenga elfu ishirini" humwacha mnunuzi gizani. Tuseme tenga la kilo 40 linauzwa shambani Sh 20,000, kubeba na kufungasha ni Sh 2,000, ushuru Sh 1,000 na nauli ya lori Sh 5,000. Linafika sokoni kwa Sh 28,000, yaani Sh 700 kwa kilo. Kilo nne zikipondeka njiani zinabaki 36, na kila moja imeshagharimu karibu Sh 778. Hesabu hii ikiandikwa kwenye stori ya jibu, ubishi wa bei hupungua sana.

Jibu likirushwa kwenye stori, swali huonekana ila jina la muulizaji halionekani. Hata hivyo, muulizaji akiwa ameandika namba yake ya simu ndani ya swali, itaonekana na watu wote. Swali la namna hiyo hujibiwa kwa ujumbe wa faragha.

Stori hutoweka baada ya saa 24, kwa hiyo kisanduku cha bei huwekwa jioni ya kuamkia mchumo, wachuuzi wakiwa bado wanapanga safari. Majibu ya magonjwa yanaweza kuhifadhiwa kwenye "Highlights" msimu mzima. Ya bei yasihifadhiwe bila tarehe: nyanya hubadilika bei ndani ya wiki, na atakayeisoma bei ya zamani atafika shambani akiidai hiyo hiyo.