Kumtambulisha Mgeni Aliyewahi Kukaa Dawati Hilohilo

Katika shule nyingi za sekondari, siku ya wanafunzi kuzungumza na wataalamu huanza vibaya hata kabla ya mgeni kufungua kinywa. Mwalimu au kiranja hushika karatasi na kusoma wasifu: shahada ya kwanza, ya pili, vyeo, tuzo, bodi alizokalia. Wanafunzi hupiga makofi. Walichosikia ni kwamba mtu huyu amefika mbali. Jinsi alivyofika huko hawakuambiwa, wala alichokuwa hakijui alipokuwa na umri wao.

Kwa mwanafunzi wa kidato cha nne nchini Tanzania, hicho cha pili ndicho chenye haja. Mbele yake kuna fomu ya Selform, ambamo hujaza tahasusi na vyuo anavyotaka. Matokeo yakitoka hupata nafasi ya kubadili, lakini alama alizopata huwa zimeshafunga baadhi ya milango. Utambulisho mzuri humweka mgeni kwenye uamuzi wa namna hiyohiyo.

Chukua mfano wa Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Maziwa yalichemshwa, yakatiwa sukari, kisha yakasubiriwa yapoe. Nafasi kwenye jokofu ilikuwa finyu, naye akaogopa kuikosa, akaingiza maziwa yake yangali moto. Baadaye aliyakuta yameganda, ilhali ya mwenzake aliyeingiza maziwa yasiyochemshwa yalikuwa bado ni uji mzito. Alipomuuliza mwalimu, aliambiwa amechanganyikiwa. Akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza mgeni aliyekuja shuleni kuzungumza, mwanafizikia Denis Osborne wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam. Wenzake walicheka. Osborne aliahidi kulijaribu, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja.

Sasa tuseme Magamba ilimwalika Mpemba kama mwanafunzi wa zamani. Msomaji wa wasifu angetaja jina lake kuitwa na wanasayansi duniani kote, akakaa. Mtambulishaji aliyejiandaa angetafuta jambo jingine: Mpemba hakuwa mwanafizikia. Alisomea Chuo cha Wanyamapori Mweka, karibu na Moshi, akafanya kazi kama ofisa wanyamapori. Hapo ndipo panapowagusa wanafunzi, na hotuba ingeweza kwenda hivi:

“Kidato cha nne, wengi wenu mmeshajaza Selform na baadhi mnasita kati ya PCM na CBG. Mgeni wetu alikaa hapa Magamba. Swali lake la fizikia lilichekwa, kisha likasomwa na wanasayansi wa nchi nyingi. Hata hivyo kazi aliyoichagua ilikuwa ya wanyamapori. Msikilizeni kwa swali moja: aliamua vipi, na nani alimshauri? Karibu sana, mzee wetu.”

Hiyo haizidi dakika moja. Haimalizi hadithi ya aiskrimu, kwa kuwa hadithi ni ya mgeni. Anayeisimulia yote kabla yake humwacha bila mwanzo. Wala haisemi kwamba fumbo la maji moto limeshapata jibu, maana wanasayansi bado wanabishana.

Kazi kubwa hufanyika siku chache kabla, kwa simu. Mtambulishaji humuuliza mgeni masomo aliyoyapenda, aliyoyashindwa, alichotaka kuwa, na siku alipobadili njia. Humuuliza pia kipi asingependa kitajwe. Umaskini wa nyumbani au ada iliyokosekana huweza kuwa sehemu ya safari yake, lakini bila ruhusa yake ni aibu kuvitangaza mbele ya watoto mia tatu. Wasifu wa zamani nao usiaminiwe peke yake. Jina la chuo au cheo hubadilika, na hakuna kinachomvunja mgeni moyo kama kuanza kwa kusahihisha.

Kuna mtego mwingine ambao walimu wenye nia njema huingia: kuifanya safari ya mgeni kuwa ramani. Aliyehitimu miaka ya themanini huenda alipangiwa kazi na serikali mara tu baada ya chuo. Mwanafunzi wa leo hatapangiwa hivyo, na tahasusi zenyewe zimeongezeka. Mtambulishaji mwangalifu hutaja mwaka, hutaja kilichobadilika, kisha humwachia mgeni aseme angechagua nini angekuwa kidato cha nne sasa.

Kama hotuba ilifanya kazi yake au la, hujulikana muda wa maswali. Mikono ikinyooshwa kuuliza mshahara na gari, wanafunzi walitambulishwa kwa cheo. Binti wa mstari wa nyuma akiuliza, “Shikamoo mzee, kwa nini hukuendelea na fizikia?”, basi walitambulishwa kwa uamuzi, na mgeni huwa na mengi ya kumjibu.