Njia saba ambazo ghala la chai hupoteza pesa

Kutoka Mama Ngina hadi maghala ya Mbaraki si mbali. Katika eneo hilo na Shimanzi, chai ya Afrika Mashariki huhifadhiwa ikisubiri mnada wa kila wiki, uliohamia Mombasa kutoka Nairobi mwaka wa 1969.

Taiichi Ohno, mhandisi wa kampuni ya Toyota nchini Japani, aliorodhesha aina saba za upotevu kiwandani. Wajapani huuita upotevu huo "muda". Aina zote saba huonekana pia ghalani, kama safari ya gunia la chai inavyoonyesha.

Ya kwanza ni uhamishaji usio wa lazima. Chai hushushwa mlangoni, hupelekwa ukuta wa nyuma, kisha hurudishwa mlangoni kupakiwa.

Ya pili ni akiba iliyozidi. Chai iliyokwisha kuuzwa hukaa bila kuchukuliwa, inakula nafasi na kodi, huku hewa yenye unyevu ya pwani ikihatarisha ubora wake.

Ya tatu ni mizunguko ya mfanyakazi. Mpakizi huvuka ghala zima kufuata gundi ya karatasi ambayo ingewekwa penye mizani.

Ya nne ni kusubiri. Lori limefika na makuli wapo, lakini hati ya kutoa mzigo haijafika.

Ya tano ni kuandaa kabla ya kuhitajika. Magunia hupangwa kwenye paleti kabla agizo la mnunuzi halijathibitishwa. Agizo likibadilika, yote hupanguliwa.

Ya sita ni kazi ya ziada isiyomfaa mteja, kama karani kunakili uzito uleule katika vitabu vitatu.

Ya saba ni kasoro. Gunia la karatasi hukwaruzwa na foklifti na kupasuka. Chai humwagika, na gunia jipya lahitajika.

Upotevu mmoja huzaa mwingine. Tuseme loti ya magunia 40 inatakiwa leo, lakini mbele yake kuna loti nyingine ya magunia 40 ambayo haijachukuliwa. Magunia ya mbele hutolewa, ya nyuma hupakiwa, kisha ya mbele hurudishwa. Gunia huguswa mara 120 badala ya 40. Lori husubiri, na kila mguso huongeza hatari ya gunia kupasuka. Chanzo ni akiba. Kuongeza makuli hakuiondoi. Dawa ni kuacha njia kati ya loti na kuweka karibu na mlango zile zinazotoka mapema.

Hata hivyo, si kila kinachochelewesha ni upotevu. Kupima uzito mara moja na kuchota sampuli za wanunuzi ni lazima, kwa kuwa bei ya mnadani hutegemea hayo. Akiba kidogo pia ni kinga meli inapochelewa.

Msimamizi anaweza kuanza na chaki: kila gunia linaposogezwa, alama moja ubaoni. Alama zikizidi idadi ya magunia yaliyopakiwa, hapo ndipo pa kuchunguza.