Kibao cha kampuni juu ya butike yako: hesabu kwanza, sahihi baadaye



Kuna biashara moja inaitwa franshizi. Wewe unafungua butike kwa feza yako, lakini juu ya mlango unaweka kibao cha kampuni yenye watu wanaijua. Kampuni inakupa jina, mafundisho na bidhaa. Wewe unailipa na unafuata kanuni zake. Faida ikipatikana ni yako, na hasara pia ni yako.

Kule Kenya, Sidai ilianza kazi hiyo mwaka 2011, ikisaidiwa na shirika Farm Africa. Kwa Kimasai, sidai maana yake ni nzuri. Waganga wa mifugo walifungua maduka yao chini ya jina hilo moja. Sababu ni hii: mfugaji hawezi kuangalia chupa ya dawa na kujua kama ni ya kweli ao ya bandia. Anaamini kibao. Lakini duka moja likiuza dawa mbovu, wateja wanakimbia hata maduka mengine yenye jina lile. Ndiyo maana kampuni za franshizi zinakagua, na zinakataza kununua bidhaa popote tu.

Sasa tuangalie malipo, maana ndipo watu wanaanguka. Mara nyingi unalipa kiingilio siku ya kwanza, halafu kila mwezi asilimia fulani ya mauzo. Angalia vizuri: ya mauzo, si ya faida.

Tuchukue mfano wa kujifunzia tu. Butike inauza 2 000 000 FC kwa mwezi. Bidhaa zilinunuliwa 1 600 000, kwa hiyo inabaki 400 000. Nyumba, mfanyakazi na usafiri vinakula 260 000. Inabaki 140 000. Kampuni inachukua asilimia 5 ya mauzo, ni 100 000. Mkononi iko 40 000 tu.

Mwezi wa mvua barabara inaharibika, mauzo yanashuka mpaka 1 200 000. Baada ya kutoa bei ya bidhaa inabaki 240 000. Gharama zile zimepungua kidogo, ni 230 000. Inabaki 10 000, lakini kampuni bado inadai 60 000. Umepoteza 50 000, na kampuni imelipwa.

Kwa hiyo, mbele ya kutia sahihi, komite ipige hesabu ya mwezi mbaya kuliko yote, kwa kutumia daftari ya mauzo ya koperative. Halafu muulize kampuni mambo matatu, na majibu yaandikwe ndani ya mkataba. Camion ya kampuni ikikwama njiani, tunaruhusiwa kununua kwa mwingine? Kampuni inaweza kumpa mtu mwingine kibao hichohicho hapa Kasongo? Mkataba ukiisha, stoki yenye kubaki itakuwa ya nani, na tunaweza kuendelea kuuza chini ya jina letu?

Kama kampuni inajibu kwa mdomo tu na haitaki kuandika, msitie sahihi.