Dola 12 zisizo na jina: barua ya mfanyabiashara kwa benki

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara mdogo wa Kpandroma mwenye akaunti ya dola katika benki moja ya Bunia. Alianza mwezi na dola 640, akaweka 300, akatoa 450. Kwa stakabadhi zake salio ni 490, lakini taarifa ya akaunti inaonyesha 478. Anapoipitia mstari kwa mstari, anakuta neno "FRAIS", yaani gharama, na dola 12 bila maelezo.

Barua yake isianze na "mmeniibia". Kauli ya kutendwa inamfaa zaidi: "Tarehe 14 zilikatwa dola 12 nisizozitambua." Tukio limetajwa bila kumshtaki mtu, nayo benki inaweza kulikagua. Kisha ataje namba ya akaunti, aonyeshe hesabu na kuambatisha nakala za stakabadhi.

Kitenzi cha ombi nacho kina uzito. "Nielezeni" huleta maelezo tu. "Futeni" hakufai, kwa kuwa benki haifuti mstari uliokwisha kuandikwa, bali huongeza mwingine wa kuurudisha. Basi aandike: "Naomba mnieleze gharama hii; ikiwa haina msingi, mnirudishie dola 12 kwa mstari mpya, kisha mnipe taarifa yenye salio sahihi."